Kuchapa Picha ya Ubao: Kusoma Kingo, Mishale na Maneno Yaliyokatwa

Picha ya ubao wa kikao huwa na mambo ya aina tatu yaliyochanganyika: yanayosomeka waziwazi, yanayoweza kukisiwa kwa ushahidi uliopo, na yaliyopotea. Anayetumiwa picha hiyo pamoja na maneno mafupi, "Naomba uichape hii," amepewa kazi ya kuyatenganisha mambo hayo kabla ya kugusa kibodi. Ubao wenyewe hauyafichi. Neno lililokatwa huonekana limekatwa, na tarakimu iliyoishia ukingoni mwa picha huonekana imeishia hapo. Hati iliyochapwa haiko hivyo. Kila herufi ndani yake ina weusi uleule na unyoofu uleule, kwa hiyo kisio la mchapaji hutoka na sura ileile ya uamuzi wa kikao. Mweka hazina akilipa kwa kufuata hati hiyo, hana njia ya kujua kwamba sifuri tatu za mwisho ziliongezwa na mtu ambaye hakuwepo kikaoni.

Mfano utakaofuatwa hapa umeundwa kwa ajili ya maelezo, ingawa kila tatizo lililomo hukutwa kwenye picha za kawaida. Ni ubao wa kamati inayoandaa mkutano mkuu wa SACCOS moja nchini Tanzania. Kikao kimefanyika Jumamosi tarehe 12 Septemba 2026, na katibu ameipiga picha mbao nyeupe ya ukumbini kwa simu, akaituma WhatsApp akiwa njiani. Upande wa kushoto wa ubao kuna orodha ya kazi, na upande wa kulia kuna bajeti. Maandishi mengi ni ya kalamu nyeusi. Marekebisho ni ya kalamu nyekundu. Picha imepigwa karibu mno, hivyo ukingo wa kulia, wa kushoto na wa juu wa ubao umebaki nje.

Yanayosomeka kushoto, kutoka juu kwenda chini, ni haya:

1 Hesabu za mwaka – Mh.
2 Wito siku 14 kabla – Kat. – Ij 2/10
3 Ukumbi wa shule (neno "shule" limekatwa kwa nyekundu, juu yake pameandikwa "kata")

Chini kabisa, kwenye kona ya kushoto, nje ya orodha, kuna maneno "tatoa posho kwa wajumbe". Kabla ya herufi "t" picha imeishia.

Kulia, juu, kuna "Jmosi 1" na picha inaishia hapo. Chini yake ni bajeti:

Ukumbi 300,000
Chakula 350 x 6,500 = 2,275,000 (350 imekatwa kwa nyekundu na juu yake kuna 280; 2,275,000 imekatwa pia, na baada yake kuna "1,82")
Makabrasha 350 x 1,500 = 525,0
Vipaza sauti 150,0
Jumla 3,25

Mishale ni miwili. Mmoja mweusi unatoka "Hesabu" kwenda "Wito", na ubavuni mwake pameandikwa "mkaguzi". Mwingine mwekundu unaanzia kwenye 280, unapinda kushuka kulia, kisha unatoka nje ya picha ukiwa sawa na mstari wa makabrasha.

Kabla ya kuchapa

Hatua ya kwanza ni kuuliza kama ubao bado haujafutwa. Swali hili lina muda wake, kwa sababu ukumbi ukiingiwa na kikao kingine, dasta hupitishwa ndani ya dakika moja. Mtu yeyote aliyebaki jengoni anaweza kupiga picha nyingine, na picha hiyo ikionyesha fremu ya ubao pande zote nne, nusu ya matatizo yanayoelezwa hapa huisha. Inafaa aombwe apige picha moja ya ubao mzima, kisha nyingine za karibu zinazopishana kidogo, asiwashe flashi, na asimame pembeni kidogo ya mahali mwanga wa taa au dirisha unapong'aa juu ya ubao. Aombwe pia azitume kama hati, si kama picha ya kawaida, kwa kuwa WhatsApp huipunguza picha ya kawaida ukubwa, na maandishi membamba ndiyo huwa ya kwanza kuharibika.

Katika mfano huu ubao umeshafutwa, na picha iliyopo ndiyo pekee. Hapo hatua ya pili ni kuitazama yote kabla ya kuandika neno hata moja. Mchapaji anayeanza na kona ya juu kushoto na kunakili kadiri anavyosoma hufika chini akiwa ameshakosea, kwa sababu mstari wa jumla ndio unaofasiri tarakimu za juu, na kalamu nyekundu ya katikati ndiyo inayoeleza nini kiliandikwa baadaye. Mtazamo huo wa kwanza hutafuta mambo machache: rangi ngapi zimetumika, mwandiko ni wa mtu mmoja au wawili, picha imeishia wapi kila upande, na kama kuna vivuli vya maandishi ya zamani yasiyofutika vizuri. Vivuli hivyo huwa hafifu kuliko maandishi mengine, mara nyingi hupita chini ya maneno mapya, na havihusiani na kikao hiki. Mtu asiyevitambua huweza kuingiza ajenda ya mwezi uliopita ndani ya hati ya leo.

Hatua ya tatu ni kuchagua alama. Tatizo la kuonyesha kilichopotea, kilichokisiwa na kilichofutwa lilishashughulikiwa na wasomaji wa maandishi ya kale. Mwaka 1931, katika mji wa Leiden nchini Uholanzi, wataalamu wa mafunjo na wa maandishi yaliyochongwa kwenye mawe walikubaliana alama za pamoja: mabano ya mraba kwa herufi zilizopotea na kujazwa na mhariri, nukta chini ya herufi isiyosomeka kwa uhakika, na mabano ya mraba maradufu kwa kilichofutwa na watu wa kale wenyewe. Ofisini zinatosha alama tatu zinazopatikana kwenye kibodi yoyote. [...] ni mahali palipopotea na hapawezi kujazwa. [17?] ni kisio la mchapaji, na alama ya kuulizia haiondoki mpaka kisio lithibitishwe. Maneno yaliyokatwa huchapwa na mstari katikati. Kwenye WhatsApp mstari huo hupatikana kwa kuandika `~neno~`. Alama hizi zielezwe kwa sentensi moja juu ya hati, ili msomaji asidhani mabano ni ya mwandishi wa ubao.

Kingo zilizokatika

Kila ukingo ukikatika huondoka na kitu cha aina yake. Ukingo wa juu huondoka na kichwa cha habari na tarehe ya kikao. Ukikata katikati ya mstari, hali huwa mbaya kuliko inavyotarajiwa, kwa sababu nusu ya juu ya herufi ndiyo hutambulisha neno zaidi; nusu ya chini ya "n", "h" na "m" huonekana kama vijiti visivyotofautiana. Ukingo wa chini huondoka na jumla na maazimio ya mwisho, yaani yale yaliyoandikwa wakati nafasi imekwisha. Ukingo wa kulia huondoka na tarehe, majina ya wahusika na mikia ya tarakimu.

Ukingo wa kushoto unastahili tahadhari ya pekee kwa maandishi ya Kiswahili. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mwanzoni mambo mazito zaidi: nani anatenda, lini, na kama anatenda au hatendi. Mzizi wa neno hukaa mwishoni, hivyo ukingo wa kushoto ukikatwa, neno huendelea kusomeka vizuri huku maana yake ikiwa imebaki nje ya picha. Kwenye ubao wa mfano, "tatoa posho kwa wajumbe" linaweza kuwa "Tutatoa posho kwa wajumbe" au "Hatutatoa posho kwa wajumbe". Linaweza pia kuwa "Atatoa", kama mfadhili alitajwa. Hakuna herufi yoyote iliyobaki inayoamua.

Mchapaji asiye makini huandika "Tutatoa", kwa kuwa ndilo neno linalokuja haraka. Mchapaji makini huangalia kwanza kama ubao una ushahidi mwingine. Bajeti haina mstari wa posho. Jambo hilo linaelekeza kwenye "Hatutatoa", ila haliwezi kumaliza hoja, kwa sababu inawezekana posho iliamuliwa dakika za mwisho, ndiyo maana ikaandikwa nje ya orodha, na bajeti ikawa bado haijaguswa. Mahali hapa pachapwe "[...]tatoa posho kwa wajumbe" na swali liende kwa katibu. Kisio halifai hata likiwa na alama ya kuulizia, kwa kuwa ni suala la fedha na majibu yanayowezekana yanapingana.

Tarehe ya mkutano, "Jmosi 1", ni tatizo la aina nyingine, kwa sababu kuna mahali pa kushika. Wito umepangwa Ijumaa tarehe 2/10, hivyo mkutano ni baada ya hapo, na tarakimu 1 inaelekeza kwenye tarehe kati ya 10 na 19 ya mwezi Oktoba. Kalenda ya Oktoba 2026 ina Jumamosi mbili tu katika siku hizo, tarehe 10 na tarehe 17. Ubao wenyewe unasema wito utoke siku 14 kabla. Kutoka tarehe 2 hadi tarehe 10 ni siku 8, pungufu ya sharti. Hadi tarehe 17 ni siku 15. Tarehe 17 inakubaliana na kila kitu kilichoandikwa. Hapa kisio lina haki ya kuingia kwenye hati: "Jumamosi [17?] Oktoba". Alama ya kuulizia inabaki, kwa sababu kamati ingeweza kupanga mkutano wa Novemba, mwezi ambao nao una Jumamosi ya tarehe 14, na wito ukatoka mapema. Swali kwa katibu litakuwa fupi, na atakayelisoma ataona jibu linalotarajiwa.

Tarakimu za bajeti zina nguvu zaidi ya tarehe, kwa kuwa zinaweza kuhesabiwa. "525,0" iko mbele ya 350 x 1,500, na jibu la kuzidisha ni 525,000. "1,82" inafuata 280 x 6,500, na jibu ni 1,820,000. Tarakimu hizi mbili hazikisiwi. Zimepatikana kwa hesabu iliyoandikwa kwenye ubao wenyewe. Hata hivyo sehemu iliyojazwa ikae ndani ya mabano, "525,0[00]" na "1,82[0,000]", bila alama ya kuulizia, ili ijulikane nini kilionekana na nini kilihesabiwa. Vipaza sauti, "150,0", havina kuzidisha kokote. Ushahidi wake unapatikana kwenye jumla, na jumla hiyo inafungua jambo kubwa zaidi, linalohusu maneno na tarakimu zilizokatwa.

Maneno yaliyokatwa

Mstari uliopita juu ya neno hauna maana moja. Unaweza kumaanisha kwamba neno lilikosewa na limebadilishwa na jingine. Unaweza kumaanisha pendekezo lilijadiliwa na kukataliwa. Kwenye orodha ya kazi unaweza kumaanisha kazi imekwisha, na hapo neno lililokatwa ni habari njema inayopaswa kuingia kwenye hati kama jambo lililotekelezwa. Na mara nyingine si mkato kabisa: ni mstari wa kusisitiza uliopigwa kwa haraka ukapanda juu ya herufi, au wino uliofutwa na mkono wa shati.

Vitu vitatu husaidia kutofautisha. Cha kwanza ni mbadala: neno jipya likiwa juu au kando ya lililokatwa, ni badiliko. Cha pili ni mahali mstari ulipopita. Mstari wa kusisitiza huanza nje ya neno na kumalizikia nje, na hugusa sehemu za chini za herufi. Mkato hupita katikati, mara nyingi umepigwa mara mbili. Cha tatu ni rangi. Mkato wa rangi tofauti na neno lenyewe umepigwa wakati mwingine, pengine na mtu mwingine, na mikato yote ya rangi hiyo inafaa isomwe kama mkupuo mmoja wa marekebisho.

Kwenye mfano, "shule" ina mkato mwekundu na mbadala "kata" juu yake. Hilo ni badiliko la wazi: ukumbi wa kata. Kilichokatwa hakihitaji kuonekana kwenye muhtasari wa mwisho, lakini kwenye nakala ya kwanza anayotumiwa katibu kibaki na mstari wake, kwa kuwa mkato huo una swali nyuma yake. Kwenye bajeti, ukumbi ni 300,000 kwa kalamu nyeusi, na tarakimu hiyo haikuguswa. Iliandikwa wakati ukumbi ulikuwa bado wa shule. Huenda kumbi zote mbili zina bei moja, na huenda aliyebadilisha ukumbi alisahau kubadilisha bei. Ubao hauwezi kusema ni lipi kati ya hayo.

Hapa ndipo palipo na kosa linalojirudia kwenye picha nyingi za ubao. Mtu anayekata neno moja kikaoni hurekebisha mahali alipotazama, na athari za badiliko hilo kwenye sehemu nyingine za ubao hubaki za zamani. Kwa hiyo kila mkato ufuatiliwe: ni nini kingine kwenye ubao kilitegemea neno hili?

Ufuatiliaji wa 350 iliyogeuka 280 unaonyesha jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Idadi ya watu wa chakula imepunguzwa, na gharama yake imeshuka kutoka 2,275,000 hadi 1,820,000. Mstari wa jumla, kwa kalamu nyeusi, unasema "3,25" kisha picha inaishia. Mchapaji akijumlisha tarakimu za zamani anapata 300,000 na 2,275,000 na 525,000 na 150,000, ambazo ni 3,250,000. Jibu hilo linalingana kabisa na kipande kilichobaki. Mambo mawili yanathibitika kwa pamoja. Vipaza sauti ni 150,000, kwa sababu bila hiyo jumla isingefika hapo. Na jumla iliyoandikwa ubaoni ni ya zamani: ilipigwa kabla ya kalamu nyekundu kupita, na hakuna aliyeirudia.

Mchapaji ambaye angejaza "3,250,000" angekuwa amejaza sawasawa kilichokuwa kwenye ubao, na bado hati ingekuwa na jumla isiyolingana na mistari iliyo juu yake. Ambaye angeirekebisha kimyakimya angekuwa ameandika tarakimu ambayo kikao hakikuiona. Njia iliyo salama ni kuchapa "Jumla 3,25[0,000]" kama ilivyo, kisha kueleza pembeni kwamba tarakimu hiyo inatokana na idadi ya zamani ya 350, na kutaja jumla mpya. Lakini jumla mpya ni ipi? Jibu linategemea mshale.

Mishale

Mshale ni kitenzi kisichotamkwa. Waliokuwepo kikaoni walisikia kitenzi hicho kikisemwa wakati mstari unachorwa. Anayetazama picha anaona mwanzo, mwisho na ncha tu. Kwa kawaida mshale wa ubaoni hufanya moja ya kazi hizi: kuonyesha mfuatano, yaani hili kisha lile; kuonyesha kitu kinatoka kwa mtu huyu kwenda kwa yule; kuhamisha jambo kutoka sehemu moja ya ubao kwenda nyingine; au kuunganisha tu maelezo na kitu kinachoelezwa. Kwenye hati kila mshale unapaswa kugeuka sentensi yenye kitenzi. Kuchapa alama ya mshale na kuiacha hivyo kunamrudishia msomaji fumbo lilelile.

Kusoma mshale huanzia mkiani. Mkia unagusa neno gani hasa, neno zima au tarakimu moja ndani yake? Ncha iko upande gani, na ni moja au mbili? Mstari usio na ncha ni kiungo, na haufai kupewa mwelekeo. Mshale wa kuhamisha una hatari yake: jambo likichapwa mahali lilipoanzia na tena mahali lilipopelekwa, kazi moja inakuwa mbili, na watu wawili wanaweza kuanza kuifanya.

Mshale mweusi wa mfano una mkia kwenye "Hesabu", ncha kwenye "Wito", na neno "mkaguzi" ubavuni. Inaeleweka kwamba hesabu zinapita kwa mkaguzi. Uhusiano wake na wito ndio wenye sura mbili. Sura ya kwanza ni mfuatano: wito usitoke mpaka mkaguzi amalize. Sura ya pili ni kiambatisho: hesabu zilizokaguliwa zitumwe pamoja na wito. Tofauti yake ni kubwa, kwa sababu kwa sura ya kwanza mkaguzi akichelewa, wito unachelewa, sharti la siku 14 linavunjika na tarehe ya mkutano inasogea. Mchapaji aandike sehemu aliyo na hakika nayo, "Hesabu za mwaka zinapitia kwa mkaguzi kabla ya wito au pamoja na wito [?]", kisha aulize.

Kifupisho "Mh." mbele ya hesabu kinaonyesha tatizo jirani. Kwenye orodha ya kazi za SACCOS, karibu kila msomaji angekisoma "mweka hazina", na mazingira yanakubali. Lakini "Mh." ni pia kifupisho cha "mheshimiwa", na kama kikaoni alikuwepo diwani, kazi ingeweza kuwa yake. Vifupisho vinyambuliwe pale tu ambapo maana ni moja. "Kat." kwenye mstari wa wito ni katibu bila shaka yoyote, "Mh." ibaki kama ilivyo mpaka iulizwe.

Mshale mwekundu unatoka kwenye 280 na kupotea ukingoni, sawa na mstari wa makabrasha. Mshale unaotoka nje ya picha usipewe mwisho wa kubuni; uandikwe kwamba unatoka kwenye 280 kuelekea kulia na mwisho wake hauonekani. Ushahidi uliopo utajwe hata hivyo. Rangi ni ileile ya marekebisho, na ulipoishia kuonekana ni kwenye mstari wenye 350 nyingine, ambayo haikukatwa. Inawezekana aliyeuchora alimaanisha "na hapa pia ni 280". Inawezekana vilevile kwamba makabrasha yanachapwa kwa wanachama wote 350, waje wasije, na mshale ulikuwa unakwenda kwenye maelezo mengine yaliyo nje ya picha.

Jumla mpya inategemea jibu hilo. Makabrasha yakibaki 350, jumla ni 300,000 na 1,820,000 na 525,000 na 150,000, yaani 2,795,000. Yakiwa 280, gharama yake ni 420,000 na jumla inashuka hadi 2,690,000. Tofauti ni shilingi 105,000, ambayo ni makabrasha 70 kwa bei ya 1,500. Zote mbili hazina uhakika wa bei ya ukumbi. Mchapaji azitaje zote na asichague.

Nakala ya kwanza na maswali yake

"Ichape hii" inaweza kumaanisha kazi mbili: kunakili ubao, au kuandika muhtasari wa kikao kwa kutumia ubao. Nakala hutangulia hata pale muhtasari unapotakiwa, kwa kuwa muhtasari ulioandikwa moja kwa moja kutoka kwenye picha huzika mashaka ndani ya sentensi nzuri. Nakala haihitaji kufuata umbo la ubao. Orodha iwe orodha, bajeti iwe jedwali, na maneno yaliyokuwa peke yake kona ya chini yawekwe mwishoni na kuelezwa yalipokuwa. Jina la faili la picha liandikwe pia. Kwenye simu za Android, picha ya WhatsApp hupata jina kama `IMG-20260912-WA0007.jpg`, na tarakimu za katikati ni mwaka, mwezi na siku. Siku hiyo ni ile picha ilipotumwa au kupokewa, ambayo si lazima iwe siku ya kikao.

Maswali yasitawanywe ndani ya hati. Yakusanywe kwenye ujumbe mmoja, machache, na kila moja lijibike kwa neno moja au mawili, kwa sababu katibu anayasoma kwenye simu. Kwa mfano huu ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Shikamoo Katibu. Ubao nimeuchapa, nakala naiambatisha. Picha imekatika pembeni, kwa hiyo naomba unithibitishie haya. 1. Mkutano ni Jumamosi 17 Oktoba? 2. Posho za wajumbe: tutatoa au hatutatoa? 3. Ukumbi wa kata nao ni 300,000? 4. Makabrasha ni 350 au 280? Yakiwa 350 jumla mpya ni 2,795,000. Yakiwa 280 ni 2,690,000. Ile 3,250,000 ya ubaoni ni ya hesabu ya zamani. 5. Wito unasubiri mkaguzi amalize, au hesabu zinaambatishwa tu? 6. 'Mh.' kwenye hesabu ni mweka hazina? Ahsante."

Swali la namna hii lina faida kuliko "Naomba ufafanuzi wa sehemu zisizosomeka", kwa sababu linamkumbusha aliyekuwepo kikaoni jambo lenyewe na chaguo lake. Swali pana hujibiwa na "Andika unavyoona", na hapo mashaka yote yanarudi kwa mtu asiyeweza kuyaondoa.

Majibu yakirudi, kila bano linaondolewa kwa jibu lake, na jibu lenyewe huhifadhiwa, kwa kuwa ndilo ushahidi wa kilichojazwa. Swali lisilojibiwa linabaki na bano lake hata kwenye hati inayosambazwa kwa wajumbe. Mjumbe mmojawapo huenda akakumbuka alichokisahau katibu. Maneno yaliyokatwa yanaweza sasa kuondolewa, isipokuwa yale ya fedha, tarehe na majina, ambayo hubakizwa kwenye maelezo ya chini: "Idadi ya chakula ilipunguzwa kutoka 350 hadi 280." Picha nayo isifutwe. Ikae pamoja na nakala mpaka kikao kinachofuata, ambapo muhtasari wa kikao kilichopita husomwa, husahihishwa na kuthibitishwa, kisha husainiwa na mwenyekiti na katibu. Baada ya saini hizo, hati ndiyo kumbukumbu rasmi ya kikao, na kilichokuwa ubaoni hakitegemewi tena.